Shati la 14,000 linapoombwa kwa 10,000: uikubali oda au uiache?

Swali hili hunifikia karibu kila mwezi, kwa sura tofauti. Mwenye tanuri la mikate anaombwa na hoteli apunguze bei kwa mikate 200 ya kila asubuhi. Seremala anaombwa madawati 80 kwa bei iliyo chini ya ile anayowauzia watu dukani. Mwenye kiwanda kidogo cha sabuni anapigiwa simu na mtu wa mkoa mwingine anayetaka katoni nyingi kwa mpigo, lakini "uniangalizie bei". Wote huishia pale pale: "Nimepiga hesabu, naona nitauza chini ya gharama yangu. Je, nikubali?"

Wengi wenu mmeshakataa oda zilizokuwa na faida kwa sababu ya hesabu hiyo. Wengine mmekubali oda zilizowaumiza, kwa kuwa karakana ilionekana ina nafasi na fedha ilionekana nyingi. Kosa ni lile lile kwa pande zote mbili: mnatumia gharama iliyoandikwa daftarini kwa kila kipande, ambayo ilitengenezwa kwa kazi nyingine kabisa.

Nitatumia mfano mmoja tu mwanzo hadi mwisho, ili namba zisitukimbie. Tuseme una karakana ya kushona mashati ya sare za shule mjini Morogoro. Bei na viwango ni vya mfano. Weka vyako mahali pake, njia haibadiliki.

## Karakana ilivyo mwezi wa Mei

Mwezi wa Mei unauza mashati 900 kwa shilingi 14,000 kila moja, na mengi yanapitia kwa mawakala wanaoyapeleka madukani. Kila shati linakula hivi:

- kitambaa mita 1.4, kwa 3,500 mita: 4,900
- uzi, vifungo na kitambaa kigumu cha kola: 600
- ujira wa fundi, anayelipwa kwa kipande: 2,000
- umeme wa LUKU: 150
- lebo na mfuko: 250

Jumla ni 7,900. Wakala anachukua 600 kwa kila shati analouza, kwa hiyo tunafika 8,500.

Halafu kuna matumizi ya mwezi mzima ambayo hayaulizi umeshona mashati mangapi: pango 600,000, mkataji wa vitambaa 450,000, msimamizi 500,000, mlinzi 250,000, uchakavu wa mashine 300,000, leseni, simu na mengineyo 150,000. Jumla 2,250,000. Ukigawa kwa mashati 900 unapata 2,500 kwa shati.

Kwa hiyo daftari linasema shati moja linakugharimu 11,000, na faida yako ni 3,000. Kwa Mei nzima hiyo ni 2,700,000.

Sasa shule moja binafsi ya Dodoma inapiga simu. Inataka mashati 500 ya rangi ya samawati, yenye nembo ya shule mfukoni, yafikishwe Dodoma. Watalipa 10,000 kwa shati, basi. Unatazama 11,000 yako, unatazama 10,000 yao, unataka kukata simu.

Usikate.

## Swali moja la kushika

Chukua karatasi nyeupe, liache daftari kando, kisha ujiulize: nikisema ndiyo, ni fedha zipi zitaingia au kutoka ambazo zisingeingia wala kutoka kama ningesema hapana?

Gharama inayobadilika kwa sababu ya jibu lako ndiyo gharama husika. Isiyobadilika, iwe kubwa namna gani, haina kiti kwenye kikao hiki. Pango la 600,000 utalilipa ukikubali, na utalilipa ukikataa. Mlinzi atalinda usiku ule ule kwa mshahara ule ule.

Hapa huwa napingwa. "Mbona shati haliwezi kushonwa barabarani? Bila pango hakuna shati. Kwa nini pango lisihesabiwe?" Ni kweli kwamba bila pango hakuna shati. Lakini hujaulizwa kama karakana inahitaji pango. Umeulizwa kama oda hii italiongeza. Haitaliongeza hata shilingi moja. Na pango la Mei limeshabebwa na yale mashati 900.

Ile 11,000 haina ubaya. Inakusaidia kupanga bei ya mwaka, bei ambayo lazima ibebe pango, mishahara na mashine. Ni namba nzuri iliyoulizwa swali lisilo lake.

## Hatua ya kwanza: pima nafasi mahali penye kubana

Kabla ya shilingi, tafuta kama una nafasi. Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, maana watu huhesabu vyerehani.

Una vyerehani 10, kila kimoja kinatoa mashati 8 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi hayo ni mashati 2,000 kwa mwezi. Lakini mkataji wako ni mmoja, meza ni moja, na anakata mashati 60 kwa siku. Kwa siku 25 ni 1,500. Uwezo wa karakana ni 1,500, si 2,000, kwa sababu shati ambalo halijakatwa haliwezi kufika kwenye cherehani.

Mei unauza 900. Nafasi iliyobaki ni mashati 600. Oda ya 500 inaingia bila kumsukuma mteja yeyote.

Namna ya kutambua mahali panapobana bila kupiga hesabu ndefu: tembea karakanani saa nane mchana siku yenye kazi nyingi. Mahali ambapo kazi imerundikana ikisubiri, na mtu wa hatua inayofuata amekaa bila kazi, ndipo hapo.

## Hatua ya pili: pitia gharama moja moja

Sasa chukua kila kitu ambacho oda itakigusa. Vingi ni vyepesi, na nitavipitia haraka. Kitambaa ndicho kinachohitaji utulivu.

Kitambaa. Oda inahitaji mita 700. Stoo una mita 300 za samawati zilizobaki baada ya shule moja kubadili sare. Ulizinunua 3,000 mita. Hakuna mteja wako mwingine anayevaa rangi hiyo, na mfanyabiashara mmoja wa vipande sokoni amekuambia atazichukua kwa 1,200 mita.

Je, mita hizi 300 uzihesabu kwa bei gani? Karibu kila mtu huandika 3,000, kwa sababu ndizo alizotoa mfukoni. Lakini zile 3,000 zimeshatoka, na hazitarudi ukikubali wala ukikataa. Unachokipoteza kwa kukitumia kitambaa hiki ni kile ambacho kingekupatia vinginevyo, yaani 1,200 za yule wa sokoni. Kama hata yeye asingekuwapo, na kitambaa kingekaa pale mpaka kiliwe na panya, gharama yake kwenye oda hii ingekuwa sifuri.

Angalia tofauti hii kwa makini, maana inageuka kirahisi. Tuseme oda ingekuwa ya mashati meupe, na stoo una kitambaa cheupe ulichokipata kwa bahati mwaka jana kwa 2,800. Hapo usiandike 2,800, wala bei ya vipande. Andika 3,500, bei ya leo. Kitambaa cheupe unakitumia kila siku, kwa hiyo kila mita utakayoipa oda hii italazimika kununuliwa upya wiki ijayo kwa bei ya wiki ijayo.

Kanuni nzima ya vitu vya stoo ni hii:

- Kama unakitumia kila mara, kihesabu kwa bei ya kukinunua tena leo.
- Kama hukitumii tena, kihesabu kwa kile ambacho ungepata kwa kukiuza au kwa kukitumia mahali pengine.
- Bei uliyokinunulia zamani, iweke kwenye daftari la mhasibu.

Kwa oda ya Dodoma: mita 300 kwa 1,200 ni 360,000. Mita 400 zilizobaki utazinunua kwa 3,500, yaani 1,400,000. Jumla 1,760,000.

Ujira. Mafundi wako wanalipwa 2,000 kwa shati, kwa hiyo kila shati la oda linaongeza 2,000. Hiyo inaingia. Mkataji analipwa kwa mwezi na Mei ana muda wa ziada, kwa hiyo mshahara wake hauingii. Ingekuwa kinyume, mafundi wako wanalipwa mshahara wa mwezi na Mei wanakaa wakisubiri kazi, basi hata ujira wao usingeingia. Usiandike "ujira" kwa mazoea. Uliza: nitamlipa nani zaidi, na kiasi gani?

Umeme, uzi, vifungo, lebo, mifuko. Vinaongezeka na kila shati. Vinaingia.

Uchakavu wa mashine. Ile 300,000 ya daftari haiingii. Sindano, mafuta na mikanda itakayokatika kwa kushona zaidi ndivyo vinavyoingia, na kwa mashati 500 ni fedha ndogo ambayo mimi huichanganya na uzi.

Kamisheni ya wakala. Shule imekuja yenyewe. Hakuna wa kumlipa 600. Wengi husahau kuitoa.

Vya oda hii peke yake. Hivi daftari halivijui kabisa, na ndivyo huwapiga wenye haraka. Kutarizi nembo, unapeleka nje kwa 500 kwa shati. Kuandaa mchoro wa nembo kwenye mashine ya kutarizi, 60,000 mara moja. Gari la kupeleka mzigo Dodoma, 180,000.

## Hesabu yenyewe

Fedha inayoingia: mashati 500 kwa 10,000 ni 5,000,000.

Gharama husika:

- kitambaa: 1,760,000
- uzi, vifungo na kola: 300,000
- ujira wa mafundi: 1,000,000
- umeme: 75,000
- lebo na mifuko: 125,000
- kutarizi: 250,000
- mchoro wa nembo: 60,000
- usafiri: 180,000

Jumla 3,750,000. Kinachobaki ni 1,250,000.

Oda iliyoonekana kukutia hasara ya 1,000 kwa kila shati itaongeza shilingi 1,250,000 kwenye Mei yako. Gawa 3,750,000 kwa 500 na utapata 7,500. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho chini yake kila shati linakufanya maskini zaidi. Kiandike mahali unapokiona wewe tu, na usimtajie mteja.

## Oda ile ile ikija Desemba

Hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu ndipo nilipowaona watu wenye akili nzuri wakiumia.

Shule zinafunguliwa Januari, na Desemba kila mzazi anatafuta sare. Tuseme mwezi huo unauza mashati 1,300 kwa bei yako ya 14,000. Uwezo wako ni 1,500. Nafasi ni 200 tu, na oda ni ya 500. Ukiikubali, mashati 300 ya wateja wako wa kawaida hayatashonwa.

Kila shati la kawaida usilolishona linakunyima kiasi gani? Si 14,000 zote, kwa sababu na kitambaa chake hutakinunua. Ni 14,000 ukitoa 7,900 za kulishona na 600 za wakala, yaani 5,500. Kwa mashati 300 ni 1,650,000.

Hakuna atakayekuletea ankara ya fedha hiyo. Ni faida iliyopotea, lakini imesababishwa na oda, kwa hiyo ni gharama husika kama kitambaa kilivyo. Toa 1,650,000 kwenye ile 1,250,000, na oda inakuacha na upungufu wa 400,000. Kiwango chako cha chini cha Desemba si 7,500 tena. Ni 10,800.

Sasa tazama daftari linavyokudanganya. Desemba unashona zaidi, kwa hiyo ile 2,250,000 inagawanywa kwa mashati 1,300 na kuwa kama 1,730 kwa shati. Daftari linasema gharama imeshuka kutoka 11,000 hadi takriban 10,230. Mtu anayelifuata ataona Desemba ndiyo afadhali ya kupunguza bei, wakati Desemba ndipo oda inapoharibu na Mei ndipo inapojenga.

Lakini usikimbilie kukataa hata Desemba. Kumbuka panapobana ni meza ya kukatia, si vyerehani. Vyerehani vinaweza mashati 2,000, na 1,300 ukijumlisha na 500 ni 1,800. Ukimpata mkataji wa nje anayekata kwa 700 kwa shati, mashati 300 yatakugharimu 210,000. Hapo humnyimi mteja wako yeyote, na oda inakuachia 1,040,000. Kwa hiyo kabla ya kuandika faida iliyopotea, jiulize kama ipo njia nafuu ya kuipata nafasi inayokosekana. Gharama ya kubanwa ni ile iliyo nafuu kati ya njia zako zote.

Onyo moja: Desemba na wakataji wa nje nao wamebanwa. Mpigie kabla hujaijibu shule, wala usimwandike kwenye hesabu kwa sababu Juni alikuambia "niite wakati wowote". Na kitambaa kikikatwa nje, pima mita zinazotoka na vipande vinavyorudi.

Njia nyingine ambayo watu huisahau ni kuigawa oda: 200 kabla ya Januari, 300 Februari. Shule ya bweni yenye wanafunzi wanaobadilisha mashati mawili inaweza kukubali. Huwezi kujua bila kuuliza.

## "Wateja wangu wakijua je?"

Hofu hii ni ya kweli, na inaweza kupimwa. Unauza mashati 900 kwa mwezi kwa bei kamili. Kama habari za 10,000 zitawafikia wenye maduka, wakakubana na kushusha bei yako kwa 1,000 tu, utapoteza 900,000 kila mwezi. Ile 1,250,000 ya oda italiwa kabla mwezi wa pili haujaisha, na bei ikishashuka haipandi kwa kuombwa.

Basi angalia kama mzigo wa bei ya chini unaweza kurudi sokoni kwako:

- Je, mteja yuko mbali na wateja wako wa kawaida?
- Je, bidhaa ina alama inayozuia isiuzwe tena dukani?
- Je, ni mnunuzi wa mwisho, au naye ni mfanyabiashara?

Shati la samawati lenye nembo ya shule ya Dodoma haliwezi kuning'inia kwenye duka la Morogoro. Oda hii ni salama. Kama mashati yangekuwa meupe yasiyo na alama, na mnunuzi ni mwenye duka wa mtaa wa pili, mimi ningeikataa hata kwa hesabu ile ile ya 1,250,000.

## Mitego mitatu ya fedha taslimu

Mkopo. Shule ikisema italipa baada ya miezi mitatu, uliza fedha za kununulia kitambaa na kulipa mafundi zitatoka wapi. Ukiondoa kitambaa kilichopo stoo, utahitaji kutoa takriban 3,400,000 mkononi. Ukizikopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, miezi mitatu ni 306,000. Oda ndiyo iliyoleta riba hiyo, kwa hiyo nayo inaingia, na mabaki yanashuka hadi 944,000. Malipo ya awali ya nusu yana thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ningependelea 9,700 na nusu mkononi kuliko 10,000 ya ahadi.

VAT. Kama umesajiliwa, uliza siku ya kwanza: 10,000 hiyo ni pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani au bado? Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 cha Tanzania Bara, 5,000,000 zenye kodi ndani yake zinakuachia takriban 4,237,000, na mabaki ya oda yanaporomoka hadi kama 487,000, kabla hujadai kodi uliyolipa kwenye manunuzi yako. Nimeona oda nzuri zikifa kwenye neno hili moja ambalo hakuna aliyelitamka.

Kodi ya zuio. Mnunuzi akiwa serikali, sehemu ya malipo hukatwa na kupelekwa kwa mamlaka ya mapato. Haikupunguzii faida, kwa kuwa inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, ila fedha itakayofika mkononi itakuwa pungufu. Ipange mapema, usije ukashindwa kuwalipa mafundi wiki ya mwisho.

## Oda ya pili si oda ya kwanza

Shule imefurahi, imerudi, inataka 500 nyingine kwa 10,000 ile ile. Usitumie karatasi ya zamani.

Kitambaa cha stoo kimeisha, kwa hiyo mita zote 700 utazinunua kwa 3,500. Mchoro wa nembo upo, hulipi tena. Kwa shati moja: 7,900 za kawaida, 500 za kutarizi, 360 za usafiri. Jumla 8,760. Kinachobaki ni 1,240 kwa shati, yaani 620,000 kwa oda nzima. Ni karibu nusu ya mabaki ya oda ya kwanza.

Bado ni faida kama nafasi ipo. Lakini ona kinachotokea ukizoea. Ukijaza karakana yote kwa oda za namna hii, mashati 1,500 kwa 1,240 yanaleta 1,860,000. Pango, mishahara na mengineyo yanataka 2,250,000. Unafanya kazi mwezi mzima bila kupumzika, karakana imejaa, na umepoteza 390,000. Hesabu ya gharama husika inasimama juu ya mgongo wa wateja wanaolipa bei kamili. Wakiisha hao, haina pa kusimama.

Ndiyo maana huwaambia wenye karakana waweke kikomo chao wenyewe, kwa mfano oda za bei ya chini zisizidi nafasi iliyo wazi katika miezi isiyo ya msimu. Na mteja wa "mara moja tu" akirudi mara ya tatu, huyo si mteja maalumu tena. Kaeni mpange bei inayochangia pango.

## Makosa ninayoyakuta mara kwa mara

- Kusahau vilivyoharibika. Ukikata 500 kamili utapeleka 490. Kata zaidi kidogo, na uhesabu gharama yake.
- Kuhesabu kwa wastani wa shati moja. Mchoro wa nembo na gari havigawanyiki vizuri. Oda ikipungua kutoka 500 hadi 200, gari ni lile lile la 180,000. Piga hesabu ya mzigo mzima, ndipo ugawe.
- Kudhani cha mwezi hakibadiliki kamwe. Oda ikilazimisha kukodi chumba cha kuhifadhia mzigo, au kumlipa mlinzi wa pili, gharama hiyo ya mwezi imeletwa na oda. Inaingia yote.
- Kujihurumia kwa fedha iliyokwisha kutoka. "Siwezi kukitoa kitambaa cha 3,000 kwa bei ya 1,200." Umeshakitoa, siku ile shule ilipobadili sare.

## Ukirudi kwa mteja

Sasa una namba mbili: 7,500 usiyoweza kuipita, na 10,000 aliyoitaja. Kati yake ndipo mnapozungumza. Mimi kwa oda hii nisingeshuka chini ya 9,000, kwa sababu 750,000 zinazobaki hapo lazima zibebe mashati yatakayorudishwa, gari litakaloharibika njiani, na muda wa msimamizi wako. Usijadili bei pekee. Mara nyingi mnunuzi aliyegoma kwenye bei hulegea kwenye vingine.

"Mwalimu, kumi elfu nitajitahidi. Ila gari litoke kwenu, na nusu itangulie."

"Gari tunalo, Mama. Nusu ngoja niongee na mkurugenzi."

Sentensi ile moja ya gari ina thamani ya 180,000.

Mkikubaliana, andikeni, hata kama ni karatasi moja yenye sahihi mbili:

- idadi, rangi, na jedwali la saizi
- bei, na kama ina VAT ndani
- malipo ya awali, na siku ya malipo ya mwisho
- nani anasafirisha, na nani anabeba hasara mzigo ukilowa njiani
- siku ya kukabidhi, na siku ya mwisho ya kurudisha mashati yenye kasoro
- maneno haya: bei hii ni kwa mashati haya 500 tu

Kipengele cha mwisho kinaonekana kidogo. Ndicho kitakachokusaidia oda ya pili itakapokuja na kile kitambaa cha stoo hakipo tena.

Ile karatasi yako ya hesabu usiitupe. Mzigo ukishafika Dodoma, irudie na uandike pembeni kilichotokea kweli: units za LUKU, mashati yaliyoharibika, na zaidi ya yote mita za kitambaa. Ukikuta umetumia mita 740 badala ya 700, zile 40 zimekula 140,000, na shati la saizi za shule ile si mita 1.4 bali karibu mita 1.5. Hiyo ndiyo namba utakayoanza nayo simu ya Dodoma itakapolia tena.